Viambatisho vya Barua Rasmi: Namna ya Kuviorodhesha na Kuvitaja

Barua nyingi za malalamiko zinazoandikwa na walaji katika Mkoa wa Singida huambatana na karatasi nyingine: risiti, picha, taarifa ya mtaalamu, au hati ya malipo iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi hizo ndizo zinazobeba uzito wa madai. Barua husema, kiambatisho huonesha. Hata hivyo, aghalabu mlalamikaji huandika mwishoni mwa barua yake maneno mawili tu, "Viambatisho vipo", kisha hukunja kila kitu pamoja na kukitia katika bahasha moja. Karatasi moja ikidondoka njiani, hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwapo, na mlalamikaji atajibiwa kwamba hakuleta ushahidi.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza namna ya kuorodhesha viambatisho na namna ya kuvitaja ndani ya barua yenyewe, ili kila dai lishikamane na karatasi inayolithibitisha. Tumechagua mfano mmoja na tutaufuata hadi mwisho. Ni mfano wa kutungwa, lakini hali yake inafahamika kwa wakulima wa alizeti wa mkoa huu: mkulima wa Wilaya ya Ikungi alinunua mbegu katika duka la pembejeo mjini Singida, akapanda kwa wakati, na sehemu kubwa ya mbegu haikuota. Mvua za mkoa wetu huja msimu mmoja kwa mwaka. Mbegu isiyoota mwezi Desemba hairudishiwi nafasi yake mwezi Machi. Mkulima huyo anadai fedha zake, naye ana karatasi za kutosha kumsaidia iwapo atazipanga.

1. Barua hupitia wapi ikishafika

Mtu anayeandika barua humfikiria yule atakayeisoma na kuamua. Katika ofisi ya umma, mtu wa kwanza kuishika barua ni mtumishi wa masjala. Yeye huifungua bahasha, huigonga barua mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, huiandika katika rejesta, kisha huiweka ndani ya jalada na kuipa namba ya ukurasa wa jalada hilo. Hasomi hoja za barua. Anachofanya kuhusu viambatisho ni kulinganisha: barua inasema vipo vitano, je, vitano vimefika? Kikipungua kimoja, huandika pembeni mwa barua kwamba hakikuwamo.

Ulinganisho huo unawezekana tu pale ambapo barua imetoa hesabu. Barua isiyo na orodha haimpi mtumishi wa masjala kitu cha kulinganisha nacho. Katika duka au kampuni binafsi, ambako huenda hakuna masjala kabisa, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu barua hupita mikononi mwa mwuzaji, mhasibu na mwenye duka, na karatasi za nyuma huachana na za mbele.

Kwa sababu hiyo, orodha ya viambatisho hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kumwongoza msomaji. Ya pili ni kuwa ushahidi wa kile mlalamikaji alichowasilisha. Nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, ikiwa na orodha kamili chini yake, huwa vigumu sana kuipinga baadaye.

2. Kuchagua neno moja na kulishika

Watu hutumia maneno kadhaa kwa jambo hili: kiambatisho, kiambatanisho, kielelezo, nyongeza. Mahakamani neno "kielelezo" lina maana yake maalumu, yaani kitu kilichopokewa kuwa ushahidi katika shauri. Kwa barua ya kawaida tunashauri "kiambatisho". Lakini muhimu kuliko uchaguzi wenyewe ni kutobadilisha. Barua inayosema "Kiambatisho Na. 2" katika aya ya kwanza na "kielelezo cha pili" katika aya ya tatu humfanya msomaji atafute vitu viwili, ilhali kipo kimoja.

Tumia vilevile aina moja ya namba. Ama 1, 2, 3, ama A, B, C. Iwapo taarifa uliyoambatisha ina namba zake za ndani, herufi zinaweza kufaa zaidi ili namba zisigongane. Katika mfano wetu tutatumia tarakimu.

3. Kukusanya na kuchuja kabla ya kuandika

Mkulima wetu alikuwa na karatasi na picha zifuatazo nyumbani: risiti ya duka ya mashine ya EFD, pakiti tatu tupu za mbegu na moja ambayo haijafunguliwa, taarifa ya Afisa Ugani wa kata, picha kumi na nane za shamba zilizopigwa kwa simu, hati ya mkono ya malipo ya trekta, na nakala ya kitambulisho chake cha Taifa.

Si vyote vinavyostahili kwenda. Swali la kujiuliza kwa kila kimoja ni hili: je, ni sentensi gani ya barua inayohitaji karatasi hii? Kitambulisho cha Taifa hakithibitishi chochote kuhusu mbegu. Kikienda, kimefichua namba ya mtu bila sababu. Picha kumi na nane hazisemi zaidi ya picha nne zilizochaguliwa vizuri: moja ya shamba zima, mbili za mistari yenye mapengo, na moja ya shamba la jirani lililopandwa siku hiyohiyo kwa mbegu nyingine. Hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, kwa maana mwuzaji ataulizia mvua kwanza, na shamba la jirani lililoota vizuri ndilo jibu.

Kuhusu pakiti, ushauri wetu ni kwamba ile ambayo haijafunguliwa isitumwe wala isifunguliwe. Ni mali yenye thamani kuliko karatasi zote, kwa sababu mkaguzi anaweza kuchukua sampuli humo na kuipima. Ihifadhiwe mahali pakavu pasipopigwa na jua. Kinachoambatishwa ni picha ya pakiti, mbele na nyuma, inayoonesha lebo, namba ya fungu la mbegu na tarehe zilizochapwa. Ndani ya barua itatajwa kwamba pakiti yenyewe ipo na inaweza kukaguliwa. Kwa hiyo kitu kisichoambatishwa nacho hutajwa, lakini hakiingizwi katika orodha. Orodha ni ya vitu vilivyomo ndani ya bahasha tu.

Risiti nayo ina tahadhari yake. Risiti za EFD huchapwa kwa joto juu ya karatasi maalumu, na maandishi yake hufifia upesi yakikaa juani au ndani ya mfuko wa plastiki. Itolewe nakala mapema, tangu siku ya ununuzi inapowezekana, na tarehe, namba ya risiti na kiasi vionekane. Asili ibaki kwako. Kanuni ya jumla ni kutuma nakala na kubaki na asili, isipokuwa pale ofisi inapodai asili kwa maandishi. Ikidaiwa, ipeleke kwa mkono na uandikiwe kwamba imepokelewa. Ofisi ikidai nakala iliyothibitishwa, hiyo ni nakala iliyolinganishwa na asili na kugongwa mhuri, kwa kawaida na wakili. Nayo itajwe hivyo katika orodha: "nakala iliyothibitishwa".

4. Kuandika orodha

Orodha hukaa chini ya saini na jina la mwandishi, upande wa kushoto. Chini yake ndipo huandikwa "Nakala", yaani majina ya ofisi nyingine zinazopelekewa barua. Viambatisho na nakala ni mambo mawili tofauti. Kiambatisho ni karatasi inayofuatana na barua. Nakala ni barua yenyewe ikipelekwa kwa mtu mwingine. Tumeona barua zilizoandika "Nakala: risiti na picha", na msomaji akabaki akijiuliza risiti ni ofisi gani.

Kila mstari wa orodha uwe na mambo matano: namba, jina la hati kwa lugha ya kawaida, tarehe ya hati, iwapo ni asili au nakala, na idadi ya kurasa. Mwishoni andika jumla. Hivi ndivyo orodha ya mkulima wetu ilivyo:

Viambatisho:
Na. 1. Risiti ya EFD ya tarehe 9 Desemba, 2024, ya Sh. 280,000 (nakala, ukurasa 1)
Na. 2. Picha za pakiti ya mbegu, mbele na nyuma, zilizopigwa tarehe 6 Januari, 2025 (kurasa 2)
Na. 3. Taarifa ya Afisa Ugani kuhusu uotaji wa mbegu, ya tarehe 8 Januari, 2025 (nakala, kurasa 3)
Na. 4. Picha nne za shamba, zilizopigwa tarehe 6 Januari, 2025 (kurasa 2)
Na. 5. Hati ya mkono ya malipo ya kulima ekari tatu, ya tarehe 14 Desemba, 2024 (nakala, ukurasa 1)
Jumla: viambatisho vitano, kurasa tisa.

Msomaji atauliza kwa nini idadi ya kurasa itajwe. Jibu lipo katika kiambatisho cha tatu. Taarifa ya Afisa Ugani ina kurasa tatu, na hesabu ya miche iko katika ukurasa wa pili. Ukurasa huo ukipotea peke yake, orodha isemayo "Taarifa ya Afisa Ugani" itaonekana kuwa imetimia, kwa kuwa taarifa ipo. Orodha isemayo "kurasa 3" itaonesha pengo hapo hapo.

Ikiwa hati ni ndefu na unahitaji sehemu yake tu, ambatisha ukurasa wa kwanza wenye jina na tarehe ya hati, pamoja na kurasa unazozitegemea, kisha sema hivyo bila kuficha: "ukurasa wa 1, 4 na 5 kati ya kurasa 12". Msomaji ajue kwamba kilichoachwa kimeachwa kwa makusudi.

5. Mpangilio na alama juu ya kila karatasi

Namba za viambatisho zifuate mpangilio wa kutajwa katika barua. Kinachotajwa kwanza ndicho Na. 1. Usivipange kwa tarehe ikiwa barua haiendi kwa tarehe, wala kwa ukubwa wa karatasi. Msomaji anapogeuza kurasa za nyuma huku akisoma za mbele, mikono yake iende upande mmoja tu.

Kwa hiyo namba hutolewa mwisho. Andika rasimu ya barua kwanza, ukiweka jina la hati pale inapohitajika. Soma rasimu tangu mwanzo. Toa namba kadiri hati zinavyojitokeza. Ndipo uandike orodha. Anayeanza kwa kutoa namba hulazimika kuzibadilisha, na hapo ndipo makosa huingia: barua inasema Na. 3, kumbe karatasi imebaki na Na. 4 ya zamani.

Katika kila ukurasa wa kiambatisho, pembe ya juu kulia, andika namba ya kiambatisho na ukurasa wake: "Kiambatisho Na. 3, uk. 2 kati ya 3". Iandikwe kwenye nakala, kamwe isiandikwe kwenye asili, kwani hati ya asili ikiongezwa maandishi inaweza kutiliwa shaka. Picha zibandikwe au zichapwe juu ya karatasi ya kawaida, na chini ya kila moja paandikwe mstari mmoja wa maelezo: mahali, tarehe, na kinachoonekana. Risiti ndogo nayo itolewe nakala juu ya karatasi kamili. Karatasi ndogo ikifungwa pamoja na kubwa ndiyo hudondoka kwanza.

6. Kutaja kiambatisho ndani ya barua

Sehemu hii ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi huandika barua nzima bila kutaja kiambatisho chochote, kisha huweka orodha chini. Wengine huandika sentensi moja mwishoni: "Tafadhali rejea viambatisho." Msomaji hajui arejee kipi kwa ajili ya dai lipi.

Kanuni ni kwamba kiambatisho kitajwe mahali pale pale dai linapotolewa, katika sentensi ile ile, na sentensi hiyo iseme kile ambacho kiambatisho kinathibitisha. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Mbegu hazikuota vizuri (angalia viambatisho)."

"Afisa Ugani alikagua mashimo 400 katika sehemu nne za shamba na kukuta yaliyoota ni 116, sawa na asilimia 29 (Kiambatisho Na. 3, ukurasa wa 2)."

Sentensi ya kwanza humtuma msomaji kwenda kutafuta. Ya pili humpa jibu, na humwonesha mahali pa kulihakikisha. Hata kiambatisho kikipotea, sentensi ya pili bado inasimama: ina idadi, ina mtu aliyehesabu, ina namna ya kuhesabu. Hicho ndicho kipimo chetu. Barua iliyoandikwa vizuri hueleweka hata viambatisho vyake vikiondolewa. Inachopoteza ni uthibitisho tu, si maana.

Kuna hatari ya upande wa pili nayo, yaani kunakili kiambatisho chote ndani ya barua. Mkulima wetu hana haja ya kueleza jinsi kila sehemu ya shamba ilivyohesabiwa. Matokeo ya jumla yanatosha. Mengine yako katika taarifa.

Kiambatisho kinapotajwa mara ya kwanza, mpe msomaji jina lake kamili pamoja na namba: "risiti ya EFD ya tarehe 9 Desemba, 2024 (Kiambatisho Na. 1)". Mara ya pili namba pekee inatosha. Na pale ambapo dai halina kiambatisho, liache bila namba. Kuna wanaoweka namba ya kiambatisho kisichohusika ili sentensi ionekane na nguvu. Msomaji akifungua na kukuta karatasi haisemi kilichodaiwa, huacha kuziamini hata zile zinazosema kweli.

7. Barua yenyewe

Baada ya anuani, tarehe ya 15 Januari, 2025 na salamu ya "Ndugu Meneja", barua ya mkulima wetu inasomeka hivi:

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA ZA MBEGU ZA ALIZETI ZISIZOOTA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Tarehe 9 Desemba, 2024 nilinunua dukani kwako pakiti nne za mbegu za alizeti, kila moja ya kilo mbili, kwa jumla ya Sh. 280,000, kama inavyothibitishwa na risiti ya EFD ya siku hiyo (Kiambatisho Na. 1). Lebo ya pakiti inaonesha uotaji wa asilimia 85, pamoja na namba ya fungu la mbegu (Kiambatisho Na. 2, ukurasa wa 2).

3. Tarehe 20 Desemba, 2024, baada ya mvua kunyesha, nilipanda pakiti tatu katika ekari tatu. Zaidi ya wiki mbili baadaye sehemu kubwa ya mashimo ilikuwa haijaota. Afisa Ugani wa kata alikagua mashimo 400 na kukuta yaliyoota ni 116, sawa na asilimia 29 (Kiambatisho Na. 3, ukurasa wa 2). Taarifa yake inaeleza pia kwamba shamba la jirani, lililopandwa siku hiyohiyo kwa mbegu nyingine, limeota vizuri (Kiambatisho Na. 3, ukurasa wa 3). Hali ya mashamba yote mawili inaonekana katika picha (Kiambatisho Na. 4).

4. Pakiti ya nne haijafunguliwa. Ninayo nyumbani na iko tayari kukaguliwa na kuchukuliwa sampuli mbele yako au mbele ya mkaguzi.

5. Naomba nirejeshewe Sh. 280,000 za mbegu, pamoja na Sh. 150,000 nilizolipa kulimiwa ekari tatu (Kiambatisho Na. 5). Jumla ni Sh. 430,000. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 31 Januari, 2025.

Wako mwaminifu, kisha saini, jina na namba ya simu.

Chini yake inafuata orodha tuliyokwisha kuionesha, na chini ya orodha:

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri (Idara ya Kilimo), pamoja na viambatisho vyote.
Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), Morogoro, pamoja na viambatisho Na. 1 hadi 4.

Tazama mistari miwili hiyo ya mwisho. Mwandishi ameeleza ni ofisi ipi imepata viambatisho vipi. Taasisi inayosimamia ubora wa mbegu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, haihitaji hati ya malipo ya trekta. Inahitaji lebo, namba ya fungu na hesabu ya miche. Asingeeleza hivyo, afisa wa TOSCI angesoma "viambatisho vitano" na kukuta vinne, akadhani kimoja kimepotea. Na ikiwa ofisi inapelekewa barua kwa taarifa tu, andika "bila viambatisho".

8. Hati za simu na barua pepe

Malipo mengi siku hizi hufanyika kwa simu, na ujumbe wa muamala ndio risiti pekee. Piga picha ya skrini inayoonesha mtumaji wa ujumbe, tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu ya muamala, kisha ichape. Katika barua nakili namba hiyo ya kumbukumbu, maana picha ya skrini ikitolewa nakala mara mbili herufi zake hufutika. Salio la akaunti na miamala isiyohusika ifunike kabla ya kuchapa, na orodha iseme: "taarifa zisizohusika zimefunikwa". Usiifute picha ya asili katika simu.

Barua inapotumwa kwa barua pepe, orodha hubaki chini ya saini kama kawaida, na kila faili lipewe jina linalolingana nayo, kwa mfano:

```
Kiambatisho_1_Risiti_2024-12-09.pdf
Kiambatisho_3_Taarifa_Ugani_2025-01-08.pdf
```

Faili lenye jina ambalo simu yenyewe imelitoa halimwambii mpokeaji kitu. Vilevile, usitume viambatisho katika ujumbe wa pili baada ya barua, kwani mara nyingi hupokelewa na mtu mwingine. Ikilazimu kwa sababu ya ukubwa, sema ndani ya barua ni vipi vinavyokuja katika ujumbe wa pili.

9. Ukaguzi wa mwisho kabla ya kufunga bahasha

Soma barua ukiwa na kalamu. Kila unapokutana na namba ya kiambatisho, fungua karatasi hiyo, hakikisha inasema kile barua inachosema, na uweke alama katika orodha. Ukifika mwisho, kiambatisho kisichokuwa na alama ni kile ambacho barua haikukitaja. Ama kina sentensi yake iliyosahauliwa, ama hakistahili kuwamo. Tarehe na kiasi vilingane pande zote tatu: ndani ya barua, katika orodha, na katika karatasi yenyewe. Barua ikisema Sh. 280,000 na risiti ikasema Sh. 270,000, mwuzaji atajibu kuhusu tofauti hiyo na kuiacha mbegu kando.

Kisha hesabu kurasa kwa mkono. Katika mfano wetu ziwe tisa.

Andaa seti mbili zinazofanana kabisa. Moja ni ya mpokeaji, nyingine ni yako. Ukipeleka kwa mkono, omba seti yako igongwe mhuri wa kupokelewa au isainiwe na kutiwa tarehe, mhuri ukae katika ukurasa wenye orodha. Barua ikiwa ndefu na orodha ikaangukia ukurasa wa pili, omba mhuri katika kurasa zote mbili. Ukituma kwa posta, tumia barua ya rejesta na uhifadhi stakabadhi yake pamoja na seti yako.

Mwuzaji akikataa kusaini, mwende na Mwenyekiti wa Kijiji au wa Mtaa, au mtu mzima mwingine, akabidhi mbele yake. Shahidi huyo aandike chini ya seti yako tarehe, saa, mahali, na maneno haya: "Barua na viambatisho vitano, kurasa tisa, vimekabidhiwa mbele yangu." Hata hapo, hesabu iliyo katika orodha ndiyo inayompa shahidi kitu cha kushuhudia.